Mstari wa 17: Anayeondoka ofisini aandike nini kwa anayeingia

Siku niliyopokea ofisi nilikabidhiwa vitu vinne: funguo, kitabu cha vocha, flashi moja na karatasi yenye mistari sita iliyoandikwa kwa mkono. Mstari wa mwisho ulisema, "Mishahara ipo kwenye Ekseli, inajihesabu yenyewe." Aliyekuwa anaondoka alikuwa mtu mwaminifu na hodari wa kazi. Alikuwa amekalia kiti kile miaka tisa na hesabu zake hazikuwahi kutiliwa shaka. Tukaagana vizuri, akaenda zake.

Miezi minne baadaye kijana mmoja tuliyemwajiri mwezi Machi alirudi kutoka NSSF na karatasi ya taarifa ya michango yake. Ilikuwa tupu. Aliiweka mezani kwangu akasema kwa upole, "Shikamoo dada. Wameniambia kule kwamba ofisi haijawahi kunichangia." Hati zake tatu za mishahara, zote nilizomwandalia mimi, zilionyesha wazi kwamba alikatwa shilingi 80,000 kila mwezi.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya kijana yule. Ofisi nyingi ndogo za kwetu, ziwe za kampuni, shule binafsi au kituo cha afya, zinaendeshwa na faili moja la Ekseli na mtu mmoja anayelijua. Mtu huyo akihama, anachoacha nyuma ni hati ya makabidhiano. Kwa kawaida hati hiyo huorodhesha mali: meza mbili, kompyuta moja, printa moja. Hayo yanahitajika, ila meza haikosei hesabu. Kinachohitaji kuelezwa kwa kina ni faili: kila shiti ina nini, nani anaiandika, inailisha shiti ipi, na ni hatua zipi zinazorudiwa kila mwezi.

Kosa lilivyotokea

Faili letu lilikuwa na shiti ya MISHAHARA yenye majina 13, kuanzia mstari wa 4 hadi wa 16. Shiti nyingine, MUHTASARI, ilijumlisha makato yote ya mwezi na kutoa kiasi cha kulipa TRA na NSSF. Jumla ya michango ya wafanyakazi ilikuwa imeandikwa hivi:

```
=SUM(MISHAHARA!C4:C16)
```

Orodha ya majina ya kupeleka NSSF nayo ilichukuliwa kutoka eneo hilo hilo, mstari wa 4 hadi wa 16. Alipoajiriwa mfanyakazi wa 14, nilimwandika pale ambapo mtu yeyote angemwandika: chini ya jina la mwisho, mstari wa 17. Fomula za mstari wake nilizinakili kutoka mstari wa juu yake na zikafanya kazi bila tatizo. Mshahara wake ulikuwa shilingi 800,000. Mchango wake wa NSSF, asilimia 10, ukawa 80,000. Kiasi kilichobaki kutozwa kodi kikawa 720,000. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vya Tanzania Bara vilivyotumika, mwenye kipato kati ya 520,000 na 760,000 hulipa 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kile kinachozidi 520,000. Kwake ziada hiyo ilikuwa 200,000, kwa hiyo kodi ikawa 60,000. Mkononi akapokea 660,000. Kila tarakimu ilikuwa sahihi.

Orodha ya benki niliiandaa mwenyewe kwa kushuka jina hadi jina, kwa hiyo mshahara wake ulimfikia. Lakini jumla za MUHTASARI ziliishia mstari wa 16. Kwa miezi mitatu hatukupeleka NSSF 160,000 za kila mwezi, yaani 80,000 alizokatwa yeye na 80,000 za mwajiri, na hatukupeleka TRA kodi yake ya 60,000. Jumla ilifika shilingi 660,000, sawa kabisa na mshahara wa mwezi mmoja aliokuwa anapokea mkononi. Tulizilipa zote, pamoja na gharama ya kuchelewa.

Mtu ataniuliza kama usuluhishi wa benki haukuonyesha kasoro hiyo. Haukuonyesha. Usuluhishi hulinganisha kilichoandikwa vitabuni na kilichotoka benki. Vitabuni tuliandika kiasi kile kile tulicholipa, na vyote viwili vikakubaliana katika kosa moja. Ndiyo maana kosa la aina hii linaweza kukaa miaka bila kuonekana.

Nilimpigia simu mtangulizi wangu. Alishangaa kweli. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Mimi mtu mpya simwandiki chini, mdogo wangu. Namwingizia mstari katikati ya wenzake." Ukiingiza mstari mpya katikati ya eneo linalojumlishwa, Ekseli yenyewe hulipanua eneo hilo, C4:C16 ikawa C4:C17. Ukiandika chini yake, fomula iliyoko shiti nyingine haina habari. Kwa miaka tisa mikono yake ilikuwa inafanya hivyo, na hakuwahi kuhesabu kwamba hiyo ni hatua ya kazi. Kwake ilikuwa mazoea tu, na mazoea ya namna hiyo ndiyo yanayosahaulika kuandikwa.

Maelezo ya kila shiti

Nilipofika zamu yangu ya kuondoka, baada ya miaka kadhaa, niliamua kila shiti iwe na ukurasa wake katika hati, na kila ukurasa ujibu maswali manne: Shiti hii ina nini? Ni wapi mtu anaruhusiwa kuandika, na ni wapi anasoma tu? Inapokea kutoka wapi na inapeleka wapi? Na ni namba gani inayothibitisha kwamba iko sawa? Shiti zilikuwa sita. Nitazieleza kwa mpangilio niliouandika.

Ya kwanza ni WATUMISHI. Hapa kila mtu ana mstari mmoja: jina, cheo, tarehe ya kuanza kazi, mshahara, namba ya NSSF, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki. Huu ndio mzizi wa faili. Mshahara hubadilishwa hapa peke yake, na hubadilishwa kwa barua iliyosainiwa, si kwa maneno ya kwenye korido. Tahadhari niliyoiandika kwa wino mwekundu inahusu namba za utambulisho. Namba inayoanza na sifuri ikiandikwa kama tarakimu za kawaida, Ekseli huiondoa sifuri hiyo ya mbele, na namba uliyobaki nayo si ya mtu huyo tena. Safu hizo zimewekwa kama maandishi, na zibaki hivyo.

Kinyume chake, safu ya mshahara lazima ibaki tarakimu. Ukinakili mshahara kutoka kwenye barua pepe, wakati mwingine huingia kama maandishi. Mstari wa mtu huyo unaweza kujihesabu vizuri, kodi ikatoka na NSSF ikatoka, lakini SUM ikiijumlisha safu ya mishahara itamruka. Dalili yake huonekana kwa macho: tarakimu halisi huegemea kulia kwa kisanduku, na maandishi huegemea kushoto, isipokuwa mtu awe amebadilisha mpangilio huo kwa mkono.

Ya pili ni VIWANGO. Shiti hii ni fupi kuliko zote. Imebeba asilimia za NSSF, madaraja ya kodi ya mshahara, Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Zamani asilimia hizi zilikuwa zimeandikwa ndani ya fomula zenyewe, mstari kwa mstari. Tatizo ni kwamba viwango hubadilika, na kwa Tanzania mabadiliko huanza kwa kawaida tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza. Julai 2021 asilimia ya daraja la chini la kodi ya mshahara ilishuka kutoka 9 hadi 8. Julai 2023 Tozo ya Ufundi Stadi ilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Kiwango kikiwa ndani ya fomula unahitaji kugusa mistari yote, na ukisahau mmoja hutajua. Kikiwa kwenye VIWANGO unabadilisha kisanduku kimoja. Kwa hiyo hati yangu ilisema: kila mwisho wa Juni, kabla ya kufungua mishahara ya Julai, soma Sheria ya Fedha ya mwaka huo au uliza TRA, kisha andika pembeni ya kila kiwango tarehe uliyokihakiki.

Ya tatu ni MISHAHARA, ile yenye mstari wa 17. Vyumba vya njano ndivyo vya kuandika: saa za ziada, makato ya mkopo wa ofisi, na makato ya Bodi ya Mikopo kwa wanaodaiwa, ambayo ni asilimia 15 ya mshahara. Vyumba vyeupe ni fomula, havigusiki. Mtu anayetaka kujua kama kuna fomula iliyofutwa kwa bahati mbaya na kuandikwa namba juu yake abonyeze Ctrl pamoja na alama ya ` iliyo juu kushoto kwenye kibodi nyingi. Shiti nzima itaonyesha fomula badala ya majibu. Namba tupu iliyokaa katikati ya safu ya fomula itajitokeza mara moja.

Ya nne ni MUHTASARI, inayotoa kiasi cha kulipa kila taasisi. Juu yake nimeweka visanduku viwili vya ulinzi:

```
=COUNTA(WATUMISHI!A4:A60)
=COUNT(MISHAHARA!B4:B17)
```

Cha kwanza kinahesabu majina yaliyo kwenye orodha, na eneo lake limeachwa pana hadi mstari wa 60 ili atakayeongezwa popote ahesabike. Cha pili kinahesabu mishahara iliyomo kwenye eneo lile lile linalotumiwa na SUM. Msomaji aangalie vizuri hapo: eneo la pili halipaswi kupanuliwa peke yake, kwa sababu kazi yake ni kufichua pale SUM inapoishia. Mtu akiandikwa nje ya eneo, cha kwanza kitasema 15 na cha pili kitasema 14. Mshahara ukiingia kama maandishi, matokeo ni hayo hayo, maana COUNT huhesabu tarakimu tu. Namba mbili zisipolingana, hakuna malipo yanayotoka. Kama ningekuwa na visanduku hivi mwezi ule wa Machi, kosa lingeonekana siku ile ile.

Ya tano ni PETI_KESHI. Ofisi yetu ilikuwa na fedha za matumizi madogo, shilingi 300,000 zisizobadilika. Uthibitisho wake ni sentensi moja: fedha zilizo kwenye kasha ukiongeza vocha zenye risiti lazima ziwe 300,000, saa yoyote, siku yoyote. Kukiwa na 87,500 taslimu, vocha zifike 212,500, na kiasi cha kuomba kujaza ni hizo 212,500 kamili. Ukiomba 200,000 au 250,000 ili namba iwe nzuri, unavunja kipimo, na kuanzia hapo hutajua tena kama upungufu ni wa hesabu au ni wa mkono wa mtu.

Ya sita ni MIKATABA: pango, bima, leseni ya biashara, intaneti, matengenezo ya printa. Safu moja inapunguza tarehe ya leo kutoka tarehe ya mwisho wa mkataba na kutoa siku zilizobaki. Haina kazi ya kila mwezi, ila hutazamwa kila mwezi, na chochote chenye siku chini ya 60 kinaandikiwa barua.

Mwezi mmoja, hatua kwa hatua

Baada ya shiti inafuata kalenda. Kosa la kawaida hapa ni kuandika tarehe za mwisho za kisheria na kudhani umemaliza. Tarehe ya mwisho haimwambii mtu aanze lini. Mimi nilianzia kwenye tarehe ya mwisho nikarudi nyuma, hatua moja baada ya nyingine, hadi siku ambayo kazi inapaswa kuanza.

Kodi ya mshahara na Tozo ya Ufundi Stadi hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Malipo yetu benki yalihitaji watu wawili, mmoja anaandaa na mwingine anaidhinisha, na mwidhinishaji alisafiri mara kwa mara. Tarehe 7 nayo huweza kuangukia Jumapili. Kwa hiyo katika hati yangu tarehe ya kazi ni 4, na namba ya kumbukumbu ya malipo inatolewa tarehe 3. Makato ya Bodi ya Mikopo yanapelekwa kabla ya tarehe 15. Michango ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia ina muda wa mwezi mzima baada ya mwezi wa mshahara, lakini niliiweka tarehe 10, kwa sababu fedha ya mfanyakazi ikikaa muda mrefu kwenye akaunti ya ofisi huanza kuonekana kama ni ya ofisi.

Ukirudi nyuma zaidi, mishahara hutoka tarehe 25. Ili itoke, meneja asaini tarehe 24. Ili asaini, shiti iwe tayari tarehe 22. Ili iwe tayari, taarifa za waliojiunga, walioacha, walio likizo na wenye saa za ziada ziwe zimekusanywa tarehe 20. Siku ya 22 yenyewe ina hatua zake ndogo: hifadhi nakala ya faili lote kwa jina la mwezi mpya, futa vyumba vya njano vya mwezi uliopita, ingiza mapya, linganisha visanduku viwili vya MUHTASARI, kisha linganisha jumla ya mishahara na ya mwezi jana na uandike kwa sentensi moja sababu ya tofauti. "Imeongezeka 800,000, ameajiriwa fundi mmoja." Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, bado hujamaliza.

Ile hatua ya kufuta vyumba vya njano ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Saa za ziada za Aprili zikibaki, Mei mtu analipwa kazi ambayo hakuifanya, na ni mara chache mtu hulalamika kuhusu fedha iliyozidi.

Funguo zisizoonekana

Kuna jambo moja halimo kwenye shiti yoyote, nalo linaweza kuifunga ofisi nzima. Mifumo ya kodi na ya benki hutuma namba za siri za muda mfupi kwenye simu au barua pepe iliyosajiliwa. Ofisi nyingi ndogo zimesajili laini binafsi ya yule aliyekuwa ofisini siku hiyo. Akiondoka, namba hizo zinaendelea kuingia kwenye simu yake akiwa mji mwingine, na tarehe 7 haimsubiri mtu.

Kwa hiyo hati iwe na jedwali fupi: mfumo upi, umesajiliwa kwa laini ipi na barua pepe ipi, na tarehe ya kuhamishia kwa mtu mpya au, bora zaidi, kwa laini ya ofisi. Nywila zenyewe zisiandikwe humo. Hati ya makabidhiano hupita mikono mingi na hukaa kwenye faili ambalo kila mtu hulifungua. Nywila hubadilishwa mbele ya watu wawili siku ya mwisho, na aliyeondoka asibaki na njia ya kuingia. Hilo linamlinda yeye pia, maana likitokea jambo baadaye hakuna atakayemnyooshea kidole.

Jaribio la mwezi mmoja

Nilidhani hati yangu imekamilika. Ilikuwa na kurasa tisa. Aliyenirithi alikuwa kijana makini, na tulikubaliana aufanye mwezi mzima wa Novemba kwa kusoma hati tu, mimi nikiwa nimekaa pembeni bila kusema neno hadi aulize. Kila swali alilouliza nililiandika, kwa sababu lilikuwa pengo ndani ya hati.

Saa ya kwanza aliuliza, "Dada, umeandika nifute vyumba vya njano. Hiki cha njano iliyofifia nacho nikifute?" Nikatazama. Kilikuwa kisanduku cha salio la mkopo wa mfanyakazi mmoja, ambacho hakipaswi kufutwa kamwe, kwa kuwa mwezi unaofuata huanzia hapo. Miaka yote nilikuwa nakipita bila kufikiri, kama mtangulizi wangu alivyokuwa akiingiza mstari katikati. Angekifuta, deni la mtu lingetoweka. Tukakibadilisha kuwa cha buluu na kuongeza sentensi moja kwenye hati.

Mwisho wa mwezi alikuwa ameuliza maswali 11. Desemba aliuliza moja. Hapo ndipo tulisaini wote wawili, pamoja na meneja, na nakala ikabaki kwa kila mmoja.

Ndugu msomaji, kama wewe ndiye unayelijua faili la ofisi yako, usingoje barua ya uhamisho ndipo uanze kuandika. Mwezi huu unapoandaa mishahara, weka karatasi pembeni ya kibodi na uandike kila kitu mikono yako inachofanya, hata kile unachoona ni kidogo mno kuandikwa. Kisha mpe mwenzako aifuate huku wewe umenyamaza. Atakapokuuliza swali la kwanza, utakuwa umeuona mstari wako wa 17.